Chai na Boksi la Mahindi ya Ng'ambo

Kuna sauti ambayo watoto wa siku hizi huisikia kila asubuhi bila kuigeuzia sikio: sauti ya boksi la nafaka kavu likitikiswa. Mwanangu alilitikisa la kwetu wiki iliyopita, kulisikiliza kama limebaki na kitu, nami nikajikuta nimeshika mwiko hewani, ugali ukianza kuungua. Ilikuwa kama majani makavu ndani ya kikapu. Wengi wenu mliolelewa na bibi zenu mtanielewa. Sauti moja tu, na nyumba nzima inarudi, na moshi wake, na kuku wake, na mtu wake.

Nililelewa na Susu, mama ya mama yangu, upande wa Makueni ambako mto ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka na maji huchimbwa. Mama alifanya kazi Nairobi, katika nyumba ya Wazungu, akilala chumba cha uani ambacho hakikuruhusu mtoto. Kwa hiyo ulimwengu wangu ulikuwa Susu, mbuzi wake, na nyuzi za mkonge alizozisokota juu ya paja mpaka ngozi ya hapo ikang'aa kama meza. Alisuka viondo, vikapu vya kubebea vitu sokoni. Vidole vyake vilinuka magome ya miti, na mpaka leo nikishika mkono wa mtu mzee nashangaa ukiwa haunuki chochote.

Mwaka ule mvua ilikataa, nami nikaanza kuanguka. Nilianguka paredi ya shule asubuhi, mbele ya kila mtu. Nikaanguka tena njiani na mtungi wa maji, na kilichoniliza si goti bali maji yaliyomwagika. Susu alinipeleka dispensari, na nesi, mwanamke mnene mwenye mikono baridi ambaye wote tulimwita Sista, akanivuta ngozi ya chini ya jicho na kuangalia ndani.

"Nyeupe," alisema. "Huyu hana damu. Hapa ndani panatakiwa pawe pekundu kama ulimi."

Alinipa dawa ya minyoo. Vidonge vya kuongeza damu, alisema, vilikuwa vimeisha, na lori la dawa halikujulikana lingefika lini. Akamweleza Susu mambo ya chakula, mboga na maini, na kwamba nisinywe chai nikila. Susu aliitikia kila kitu. Tulipofika njiani akacheka.

"Maini ya nani, mjukuu wangu? Na chai imemfanyia nini yule mama?"

Mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe ambayo sikumwambia mtu. Nilidhani damu hukaa mwilini kama maji kwenye pipa, na kwamba yangu imeshuka mpaka magotini. Nililala miguu ikiwa juu ya ukuta ili irudi kichwani.

Mama alipata habari, akaja Jumamosi moja na mfuko wa plastiki. Alinivuta jicho palepale uani, kabla hata ya kuniamkua vizuri, na uso wake ukafungika.

"Mama, huyu mtoto anakufa mkononi mwako."

"Hafi. Anakua. Wewe pia ulikuwa mweupe hivi."

"Mimi sikuwa ninaanguka shuleni." Mama akakaa juu ya kigoda, akavua viatu. "Nitarudi shule ikifungwa. Nikikuta jicho bado ni hili, namchukua. Atakaa kwa dada, Nairobi. Kuna hospitali."

"Dada yako ana chumba kimoja na watoto watano."

"Watakuwa sita."

Susu aliendelea kusokota uzi, lakini uzi ule ulikatika, na sikuwahi kuona uzi wa Susu ukikatika. Nilijua maana yake. Nikiondoka, nani atamchotea maji? Nani atamtungia uzi kwenye sindano jioni, macho yake yakiwa yamechoka? Na mimi, nani atanisimulia habari za mbuzi kama vile mbuzi ni majirani?

Kabla ya kuondoka Mama alitoa kwenye mfuko boksi. Waajiri wake walikuwa wanarudi kwao Amerika, wakamwachia vitu vya jikoni. "Watoto wao walikula hii kila asubuhi," alisema, "na mashavu yao yalikuwa kama nyanya. Mpe na maziwa."

Mbuzi walikuwa wamekauka tangu mwezi uliopita. Lakini Susu alilipokea boksi kwa mikono miwili.

Tulikaa mbele ya lile boksi siku nzima. Lilikuwa jekundu na jeupe, na mbele yake palikuwa na bakuli la vipande vya rangi ya dhahabu, maziwa yakirukia juu, na matunda mekundu yenye vijidoa. Susu alilinusa. Akaligeuza chini juu. Akalitikisa karibu na sikio langu.

"Majani," nikasema.

"Majani gani ya rangi hii? Fungua."

Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko wa karatasi yenye nta, umefungwa kwa kubanwa, na ndani ya mfuko vile vipande. Mfuko ulikuwa umejaa kupita nusu kidogo tu. Juu yake pakawa pamebaki hewa. Susu aliniangalia kwa jicho ambalo huwaangalia nalo wachuuzi wa soko la mji wa Wote.

"Umeona? Boksi kubwa, mali kidogo. Hata ng'ambo wezi wapo."

Nilikuwa darasa la tano, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilisoma maandishi madogo ya chini: kwamba bidhaa hii huuzwa kwa uzito, si kwa kujaa, na kwamba vilivyomo hushuka vikisafirishwa. Susu alisikiliza, akatikisa kichwa. "Kila mwizi ana maneno yake." Mimi nilikuwa nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nikitafuta yale matunda mekundu. Hayakuwepo. Hilo liliniuma zaidi.

Kisha alichukua kipande kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa chembamba, kimejikunja, na vilengelenge vidogo kama ngozi iliyoungua. Alikivunja kwa jino la mbele.

"Mahindi," alisema.

"Si mahindi, Susu. Mahindi si hivi."

"Nyamaza, natafuna." Alifumba macho. "Mahindi ya njano, kama yale ya msaada. Wameyatwanga wakatoa ganda, wakatoa na kile kiini cha pembeni, kama tunavyotwanga mahindi ya muthokoi. Wakayapika na sukari na chumvi. Halafu..." Aliweka kiganja juu ya kiganja na kubana. "Wameyakandamiza kwa kitu kizito. Halafu moto." Alifumbua macho akiwa ameridhika kabisa. "Kazi yote hiyo, na hawakuweka maharagwe."

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi vipande vile hutengenezwa, punje kuondolewa ganda na kiini, kupikwa kwa mvuke, kukaushwa, kupitishwa kati ya magurudumu mawili ya chuma na kuchomwa. Susu alikuwa amekosea mvuke tu.

Kwa kuwa maziwa hayakuwepo, kila asubuhi alinimiminia vile vipande kwenye bakuli na kuviloweka kwa chai. Chai ya Susu haikuwa chai ya mchezo. Aliichemsha mpaka ikawa nyekundu, majani yakizunguka, na birika lake lilikuwa jeusi ndani kama pango. Vipande vililainika, vikawa kama uji wenye moshi. Nilivipenda. Nilikula nikiwa na hakika kwamba mashavu yangu yatakuwa nyanya, na kila nilipomaliza nilikwenda kwenye kioo kilichovunjika kilichochomekwa ukutani, nikavuta jicho.

Nyeupe. Wiki iliyofuata, nyeupe. Nikaanguka tena, safari hii kwenye zizi, na mbuzi mmoja akanilamba sikio mpaka Susu akanikuta. Shule ilikuwa inakaribia kufungwa.

Ndipo nilipoanza kusoma ubavu wa boksi, nikitafuta kosa letu. Kulikuwa na majina mengi na namba. Neno moja nililijua.

"Susu, humu wametia iron."

"Iron ni nini?"

"Chuma. Kama mabati ya paa la shule. Mwalimu huita iron sheet."

Susu aliacha kusokota. "Wametia mabati kwenye chakula?"

"Wameandika. Bakuli moja lina karibu nusu ya chuma anachohitaji mtu kwa siku."

"Mtu anahitaji chuma kwa siku?" Alicheka mpaka akakohoa. "Basi tulambe jembe, tumalize maneno."

Lakini mimi nilikuwa na kitu. Watoto wote wa mtoni tulikuwa nacho: sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Tuliiburuta kwa kamba juu ya mchanga wa mto, nayo iliota ndevu za mchanga mweusi, na tulishindana ndevu za nani ni ndefu. Nilitwanga vipande kiganja kimoja mpaka vikawa unga, nikavitia kwenye kikombe cha maji, nikaifunga sumaku kwa mfuko wa plastiki na kukoroga nayo polepole. Susu alisimama nyuma yangu akitabasamu, kama mtu anayetazama mtoto akipikia mwanasesere.

Nilipoitoa, tabasamu lilimtoka. Kwenye ncha ya plastiki palikuwa na manyoya ya kijivu, mafupi, laini. Nilipoigeuza yalijipanga na kusimama.

"Mchanga," alisema Susu.

"Susu, ni chuma. Wameandika."

"Mchanga wa mtoni nimeujua kabla mama yako hajazaliwa. Unashikwa na kitu chako hicho kila siku, si ndivyo? Wale wa soko hutia mchanga kwenye pojo ili kilo iwe nzito. Na wewe mwenyewe ulinisomea, hii inauzwa kwa uzito!" Alikimwaga kile kikombe mlangoni. "Nimekulisha mchanga. Mtoto hana damu, nami namlisha mchanga."

Alilichukua boksi, akalipandisha juu ya ghala ambako mkono wangu haukufika. Asubuhi iliyofuata nilipewa chai na kipande cha ugali wa jana, naye akageukia mkonge wake. Niliona kwamba hakuwa na hasira na mimi. Alikuwa anaogopa, na sikujua kwamba watu wazima huogopa vitu vidogo vya kijivu.

Mchana alikuwa anatia rangi mkonge. Hii ni kazi niliyoiona tangu sijui kutembea. Alichemsha magome ya mgunga mpaka maji yakawa rangi ya damu iliyokauka, akatumbukiza nyuzi. Zikitoka hapo ni hudhurungi. Akitaka nyeusi, huzizika kwenye tope la silanga, bwawa letu la maji ya mvua, pale penye utando wa kutu juu ya maji. Na silanga likikauka, kama mwaka ule, hutupa ndani ya chungu vipande vya mabati yenye kutu, na maji huanza kugeuka. Nyeusi hiyo haitoki. Unaweza kuifua mtoni mpaka kiondo kichanike, nayo ipo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwona ameshika kipande cha bati, amekielekeza kwenye chungu, na mkono umesimama hapo.

"Mwende," aliita. "Leta ile sumaku yako. Na mchanga wa mto."

Alishusha boksi mwenyewe. Tukatwanga vipande, tukakoroga, tukavuna yale manyoya, na safari hii tulivuna mengi, tukiyafuta kwa ncha ya unyoya wa kuku. Susu aliyaweka kwenye kifuniko cha soda kilichogeuzwa. Kwenye kifuniko cha pili akaweka mchanga mweusi wa mto. Akamimina maji ya magome juu ya vyote viwili, akavifunika kwa bakuli ili kuku wasije kunywa, akarudi kwenye mkonge wake.

"Ukigusa bakuli nitakukata vidole."

"Tunangoja nini, Susu?"

"Bati hubadilisha maji. Mchanga haubadilishi, mchanga ni mchanga. Tutaona uongo ni wa nani."

Jua lilipofika kwenye paa la jiko alifunua. Kifuniko cha mchanga kilikuwa hudhurungi, vilevile kama kilivyowekwa. Kile kingine kilikuwa cheusi. Cheusi kama wino wa mwalimu.

Nilipiga kelele. Susu hakupiga. Alichovya kidole, akakitazama, akakifuta kwenye uzi mweupe, na uzi ukabaki na alama. "Ni chuma," alisema polepole. "Ni chuma kweli. Basi mbona hupati damu?"

Hilo ndilo swali alilobaki nalo, na ninamwona mpaka leo, amechuchumaa kati ya vifuniko viwili, khanga imemtoka begani. Karibu na goti lake palikuwa na kikombe chake cha chai ya mchana, kimebaki na tone chini. Alikichukua ili anywe. Kikombe kilikuwa na rangi ile ile ndani, hudhurungi iliyoganda ambayo majivu na mchanga wa kusugulia vilikuwa vimeshindwa kuitoa. Akakitazama. Akatazama chungu cha magome. Akakirudisha chini bila kunywa.

"Leta kifuniko kingine," alinong'ona.

Tulitia manyoya ya kijivu, na juu yake chai ya birika, ile nyekundu. Tulilala nacho ndani ya nyumba, karibu na kichwa chake, kama yai linalongojwa kuanguliwa. Asubuhi chai ilikuwa nyeusi.

Susu alikaa kitandani miguu ikining'inia. "Majani ya chai ni kama magome," alisema. "Yakishika chuma hayaachii. Mimi mkonge naufua mtoni siku nzima na rangi haitoki. Sasa tumbo lako, mtoto mdogo hivi, litayanyang'anyaje?" Akashika kichwa changu kwa mikono yake miwili inayonuka magome. "Nimekuwa nikitia rangi chakula chako, mama. Kila asubuhi. Yule Sista alisema, nami nikacheka."

Siku hiyo hiyo tulikwenda dispensari, na vifuniko vyetu vitatu ndani ya sufuria ndogo. Sista aliviangalia, akamwita na mwenzake aje aone. Alisema ndivyo hasa, na kwamba hajapata kuonyeshwa hivyo. Lakini alimkanya Susu asiweke imani yote kwenye boksi. Chuma kile ni unga wa chuma chenyewe, alisema, mwili huchukua kidogo tu. Nile na majani ya kunde, nile maharagwe, na nikipata maini nisiulize ya nani. Kitu kichachu kama chungwa au ndimu, kikiliwa pamoja na chakula, husaidia mwili kukichukua kile chuma. Chai ningoje, tumbo liwe limemaliza kazi yake kwanza. Na lori la dawa lilikuwa limekuja juzi. Alinihesabia vidonge, akamtazama Susu juu ya miwani.

"Hivi pia si na chai, Susu."

"Usinitie aibu mbele ya mtoto. Nimekwisha jitia mwenyewe."

Kuanzia hapo nilikula vipande vikavu, kwa mkono, na chungwa pembeni. Machungwa ya Wote huwa na ganda la kijani na utamu wake hautangazwi na rangi. Vilikwaruza koo. Vilipokwisha tulirudi kwenye muthokoi na kunde, na ndimu ikikamuliwa juu. Susu, ambaye hakuwahi kula bila kikombe pembeni, alikaa mbele ya sahani mikono ikiwa haina kazi, akitazama birika kama mtu anayemtazama mgeni aliyekatazwa kuingia. Alisema hawezi kuninyima kitu halafu akakinywa mbele yangu.

Mama alikuja siku ya pili baada ya shule kufungwa. Alikuwa na begi tupu, na nilijua begi tupu ni la nini. Alinisimamisha mlangoni, kwenye mwanga, akashusha ngozi ya jicho kwa kidole gumba. Nilisikia pumzi yake usoni mwangu. Nyuma yake Susu alikuwa amesimama ameshika mwiko, hakorogi chochote.

"Jingine," alisema Mama.

Akalitazama la pili kwa muda mrefu zaidi. Kisha akashusha mkono.

"Si nyekundu sana," alisema.

"Si nyeupe," alisema Susu.

"Umefanya nini?"

"Kaa nikueleze. Umetoka mbali."

Mama hakukaa. Aliegemea mwimo wa mlango, na katika mwanga ule ule ambao alikuwa amenitazamia mimi, Susu alimwona. Niliona anavyomwona. Midomo ya Mama ilikuwa na rangi ya majivu, na alikuwa anahema, ingawa kutoka barabarani hadi kwetu ni mwendo mfupi. Susu aliweka mwiko chini, akamkaribia, akanyoosha mkono wake mweusi wa magome, na kabla Mama hajaelewa, akamshusha ngozi ya jicho.

"Mama, niache, mimi ni mtu mzima."

"Nyamaza. Tazama juu." Akatazama, akavuta na la pili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo sana. "Mbithe. Na wewe nani anakuangalia huko?"

Mama alifungua mdomo kujibu. Wale waajiri wake walikuwa wamekwisha kuondoka, kazi ilikuwa imekwisha nao, na alikuwa ameishi kwa mkate na chai tangu hapo. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule aliteleza polepole kwenye mwimo mpaka akakaa kizingitini, begi tupu mapajani, akaanza kulia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Susu alipakua. Muthokoi, kunde nyingi juu yake, ndimu ikikamuliwa mpaka ganda likakunjamana. Akaweka sahani juu ya lile begi, kana kwamba ni meza, na kijiko akamwekea mkononi, akavifunga vidole vyake kukizunguka.

Mama alikula. Alikula akilia, kisha akila tu. Katikati aliinua kichwa na kutafuta kwa macho.

"Hakuna chai?"

Susu alinitazama, nami nikamtazama.

"Ipo," alisema, akikaa kizingitini karibu na binti yake, bega kwa bega. "Kula kwanza. Utakunywa baadaye. Hakuna anayeondoka leo."